Laptopu ya RAM GB 2: VS Code inaganda, je, bado inafaa kujifunzia Python?

Swali: Nina laptopu ya zamani, Celeron yenye RAM GB 2, diski ya kawaida ya GB 320 na Windows 10. Nataka kujifunza Python. Nimeweka VS Code, lakini inachukua dakika kadhaa kufunguka, na nikifungua brauza hata mshale wa mausi unaganda. Niitupe, au kuna namna?

Jibu: Usiitupe. Python yenyewe ni nyepesi, na programu za mwanafunzi zitapita kwenye mashine hiyo bila shida. Kinachokulemea ni VS Code. Imejengwa juu ya Electron, yaani ndani yake kuna injini ileile inayoendesha brauza ya Chrome. Kwa hiyo ukifungua na brauza, ni kama umefungua brauza mbili juu ya Windows ambayo tayari imekwishakula sehemu kubwa ya RAM.

Hakikisha kwanza, usikisie. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, kisha fungua VS Code huku unatazama. Ukiona Memory iko juu ya asilimia 90, Disk imekwama kwenye 100, na CPU haina kazi kubwa, basi prosesa haina kosa. RAM imejaa, Windows inahamishia data kwenye diski na kuirudisha, na diski ya sahani zinazozunguka ni ya polepole mno kwa kazi hiyo. Mshale unaoganda ndiyo dalili yake. Lakini CPU ikibaki 100 hata usipogusa kitu, kuna programu nyingine inayoitafuna; itafute Processes kabla ya kubadilisha chochote.

Kwa hali yako ningeweka Linux yenye eneokazi jepesi, mfano Debian yenye LXQt. Pakua toleo la kuwashia kwenye flashi, liandike kwa Rufus (flashi itafutwa yote), kisha iwashe laptopu kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa diski. Programu zitachelewa kufunguka mara ya kwanza kwa sababu zinasomwa kwenye flashi, hilo lisikutishe. Fungua terminali uandike:

```
lscpu | grep op-mode
free -h
```

Amri ya kwanza ikitaja `64-bit`, uko salama. Ikionyesha `32-bit` peke yake, tumia Debian 12, maana Debian 13 haitoi tena kisakinishi cha mashine hizo. (Flashi ya biti 64 ikikataa kabisa kuwaka, huenda hilo ndilo tatizo.)

Amri ya pili ndiyo yenye uamuzi. Hivi ndivyo ilivyosoma laptopu moja ya GB 2 niliyoihudumia:

```
       total   used   free  shared  buff/cache  available
Mem:   1.9Gi  520Mi  860Mi    40Mi       610Mi      1.4Gi
```

Watu wengi husoma `free` wakaogopa. Soma `available`: hiyo ndiyo nafasi ambayo programu mpya zinaweza kupata, kwa kuwa Linux huachia akiba ya `buff/cache` inapohitajika. Gigabaiti moja kwenda juu, endelea. Kwenye flashi mabadiliko yote yanakaa ndani ya RAM, hivyo ukishasakinisha hali huwa afadhali kidogo. Hifadhi faili zako kwanza. Kusakinisha kunaweza kufuta diski nzima.

Baada ya hapo:

```
sudo apt install thonny geany
```

Anza na Thonny. Imetengenezwa kwa wanaoanza, na ina kitufe cha kuendesha programu hatua kwa hatua huku ukiona thamani za vigeu zikibadilika. Kwa HTML na JavaScript, au Thonny ikionekana nzito, tumia Geany. Haina mapambo ya VS Code, na binafsi sioni hasara kwa miezi ya mwanzo.

Brauza ndiyo itakayokusumbua daima. Kwenye laptopu ile, Geany haikutikisa namba, lakini vichupo vichache vya brauza vilishusha `available` hadi karibu megabaiti 300. Weka somo moja wazi kwa wakati, na maelezo madogo yasome ndani ya Python kwa `help(str.split)`. Ikianza kunata, andika `vmstat 1`, puuza mstari wa kwanza, kisha tazama safu za `si` na `so`. Zikiendelea kutoa namba badala ya sifuri, umerudi kwenye kuhamisha data diskini: funga vichupo.

Android Studio na emuleta zake usijaribu. Hata bila emuleta, Android Studio inadai walau GB 8.

Ukitaka kuongeza RAM, endesha `sudo dmidecode -t memory`. Ukiona `No Module Installed`, kuna tundu tupu. Linganisha mstari wa `Type`, maana kipande cha DDR2 hakiingii kwenye tundu la DDR3.