Jina la asali kwenye sabuni

"Nauza asali hapa Tabora, jina limeshazoeleka. Nataka kutoa sabuni ya mawese na mishumaa ya nta. Nitumie jina lile lile?"

Mishumaa sawa, sabuni hapana. Nta inatoka mzinga ule ule, mteja haoni ajabu. Sabuni ina harufu, na harufu inahama kichwani hata kama haihami dukani.

Kaka aliyesema "mbona Azam wanaweza" yuko sahihi nusu. Azam ni unga, juisi, hadi televisheni, lakini jina lile halijafungwa kwenye ladha moja. Lako limefungwa. Angalia Unilever: Omo na Close Up ni zao zote mbili, ila nani anataka kukumbuka sabuni ya kufulia akipiga mswaki?

Mimi niko Ujiji. Nilibandika lebo ya mafuta yangu ya mawese kwenye miche ya sabuni. Sabuni ilitoka vizuri tu. Baada ya miezi michache mama mmoja akafungua chupa ya mafuta, akainusa kwanza, akaniuliza, "Haya ni ya kupikia?" Hapo nikajua jina limeshachuja.

Ipe sabuni jina lake kubwa, kisha chini herufi ndogo: "kutoka kwa watengenezaji wa" asali yako. Gharama inaongezeka, ndiyo. Ila hata ukitumia jina lile lile, kwenye usajili wa alama za biashara BRELA, asali iko daraja la 30 na sabuni daraja la 3, kwa hiyo usajili wa asali peke yake hauikingi sabuni.

Dada uliyeuliza kama siagi ya karanga nayo itumie jina la asali, lako sina uhakika. Mimi ningeiacha itumie jina hilo hilo, ila wengine watanibishia.