Hesabu nafasi, usihesabu migongo: kwa mliojiunga juzi na kaunta ya mabati

Jumatatu asubuhi kijana wetu mpya alinionyesha picha ya paa kwenye simu, akasema kwa furaha, "Bosi, hii ni boksi ya migongo 4, nishaandika oda." Nilimnyang'anya ile karatasi kabla hajafika kwa keshia. Picha yenyewe ilipigwa kutoka barabarani, nusu yake mwembe. Hii ni mara ya tatu mwezi huu, kwa hivyo leo nawaandikia nyote, mkae chini msome.

1. Omba picha ya ukingo wa chini. Mteja hutuma picha ya paa lote kwa sababu ndilo analoliona, lakini paa kwa mbali ni mistari tu. Mwambie asimame chini ya ncha ya bati, pale ambapo gata halijafunika, apige akiwa amelikabili moja kwa moja. Hapo utaona bati kama mkate uliokatwa: umbo la mgongo, upana wa bonde, na mahali bati moja linapolalia jingine. Atume kama dokumenti, maana Watsapu hubana picha mpaka migongo inageuka ukungu.

Ukiwa na picha hiyo, hata bila kipimo chochote unaweza kujua mengi. Weka rula juu ya kioo cha simu. Pima kutoka kilele cha wimbi hadi kilele cha pili, kisha pima kina cha wimbi. Bati letu la kawaida la mawimbi lina milimita 76 kati ya vilele na kina cha karibu 18, kwa hivyo kina ni kama robo ya upana, haijalishi picha ni kubwa au ndogo. Ukipata kina kinazidi theluthi, na ukingo wenyewe ni mnene kama biskuti, simama. Huenda hilo si bati, ni shiti kubwa la asbesto, ambalo wimbi lake hufika milimita 146 kwa kina cha karibu 54. Nyumba za zamani za wafanyakazi hapa Kisumu na kule Nakuru bado zinazo. Rangi yake ni kijivu kisichong'aa, ina kuvu, na pembe za mashiti mara nyingi zimekatwa mshazari pale yanapokutana. Hapo usiuze kitu, wala usimwambie fundi apande na msumeno. Vumbi lake ni sumu ya mapafu, na kuliondoa ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA.

Tahadhari moja: picha iliyopigwa kwa upande hufinya upana lakini kina hubaki palepale, kwa hivyo bati la kawaida hujifanya lenye kina kirefu kama lile la asbesto. Ndiyo maana nasema alikabili.

2. Sasa hii ndiyo yangu, na sijawahi kuisimulia yote.

Mwaka wangu wa pili kazini, upepo uling'oa mabati ya darasa la shule moja upande wa Busia. Safu ya juu, iliyo karibu na kofia, ilibaki imara pande zote mbili. Safu ya chini iliondoka yote. Naibu wa mwalimu mkuu alinitumia picha aliyopiga akiwa katikati ya uwanja, ya ile safu iliyobaki. Boksi profaili, rangi ya matofali, hakuna shaka. Nikakuza picha, nikatafuta ile mistari miwili miwili inayoonyesha bati limelalia jingine, nikahesabu migongo: mmoja wa mwanzo, kisha mitatu, halafu mstari wa bati linalofuata. Minne. Nikaandika boksi ya migongo 4.

Nilijiona mjanja kwa sababu nilihakiki. Naibu alipima urefu wa paa akapata mita 13 na sentimita 70. Bati letu la migongo 4 lilifunika milimita 760 baada ya kulaliana, na 18 mara 760 ni mita 13 na sentimita 68. Kwenye picha pia nilihesabu mabati 18. Nikatoa oda ya 36, ya mita 3, yakatwe na kupakwa rangi kiwandani. Mabati ya aina hiyo hayarudishwi.

Kumbe mgongo ule wa pembeni ni wa mabati mawili. Bati huanza na mgongo na kuishia na mgongo, na ule wa mwisho hufunikwa na wa jirani, kwa hivyo ukiwa chini unauona mmoja. Nilichohesabu hakikuwa migongo ya bati, bali nafasi kati yake. Nafasi 4 ni migongo 5. Na bati la migongo 5 la kiwanda kile lilifunika milimita 760 zilezile, ila nafasi zake ni za 190, na za lile la migongo 4 ni kama 253. Ndiyo maana hesabu yangu ilikubali.

Fundi alipiga simu saa nne asubuhi. Kwa sauti ya upole kabisa, ile inayouma kuliko matusi, akaniuliza, "Mdogo wangu, hizi umeletea nyumba gani?" Pembeni mabati yalikaa vizuri. Tatizo lilikuwa juu, ambapo bati la zamani lilipaswa kulalia jipya kwa milimita 150. Migongo ya katikati ya bati jipya iliangukia mabonde ya lile la zamani, ikaliinua, na kidole kikapita chini yake. Mvua ya huku kwetu ikisukumwa na upepo haihitaji nafasi ya kidole.

Nilipanda matatu nikaenda kujionea. Watoto walikuwa wakisomea chini ya mti, nami nikasalimiwa kwa kuimbiwa "Karibu mgeni", wakati huo nikitamani ardhi inimeze. Mwishowe 36 nyingine za migongo 5 ziliagizwa, zile za kwanza zikaezeka jiko la shule, safu zote za juu na chini, na nusu ya bei ikakatwa kwenye mshahara wangu kwa miezi saba.

3. Kipimo: mteja ashikilie futi ya fundi juu ya vilele kadhaa, wewe ugawe urefu huo kwa idadi ya nafasi.

4. Malighafi. Kutu nyekundu kwenye ncha iliyokatwa maana yake ni chuma. Michirizi myekundu inayoanzia kwenye misumari peke yake haithibitishi kitu, kwani msumari wa chuma hulia hata juu ya alumini. Mwambie mtu aliyeko huko abandike sumaku ya spika ya redio. Isiponata, ni alumini. Bati la zinki tupu likiwa jipya huwa na maua makubwa, lenye alumini na zinki huwa na chembe ndogo ndogo, lakini paa la miaka kumi limeshafifia, usiape kwa picha.

5. Geji haionekani kwenye picha. Haionekani! Fundi apime ncha kwa maikromita, na ukumbuke 28 ni nene kuliko 30.

Yule kijana wa Jumatatu ameshatuma picha mpya, ya ukingo, futi ikionekana. Nimemuuliza ni migongo mingapi. Amehesabu mara mbili kwa kidole, akanitazama usoni, akahesabu tena.


"Nafasi nne," akasema.