Karatasi ya uwanja wa kuona: picha ya kijivu isomwe mwisho

Nimekaa miaka mingi upande wa pili wa mashine ya Humphrey, inayopima uwanja wa kuona, yaani eneo lote ambalo jicho huona likiwa limetulia, nikiwaelekeza watu waweke kidevu, watazame taa ya katikati na wabonyeze kitufe kila wanapoona kimwanga. Karatasi ikishachapwa, karibu wote macho yao hukimbilia palepale: ile picha ya kijivu yenye madoa meusi. Mwenye glaukoma huchomoa na ya mwaka jana, akaanza kulinganisha weusi. Mimi huwaambia waiache hiyo picha hadi mwisho.

Sababu ni namna inavyotengenezwa. Kipimo cha 24-2, kinachotumika sana kwa glaukoma, hupima nukta 54 tu, zilizoachana kwa nyuzi 6. Kila nukta hupata namba yake ya desibeli: namba ikiwa kubwa, jicho limeweza kuona mwanga hafifu, ukikuta <0, hata mwanga mkali kuliko wote haukuonekana. Kati ya nukta na nukta hakuna kilichopimwa, mashine hujaza yenyewe kwa kukadiria. Tena vivuli hubadilika kwa hatua za desibeli 5. Nukta ikishuka kutoka 30 hadi 26, kivuli kinabaki kilekile. Ikishuka kutoka 26 hadi 25, ambako si kitu, panaonekana peusi zaidi. Na picha hiyo haizingatii umri wako hata kidogo.

Basi anzia juu kushoto, kwenye mistari mitatu ya uaminifu. "Fixation Losses" huhesabu mara ulizobonyeza mwanga ulipotupwa kwenye doa pofu, yaani mahali ambapo jicho lililotulia halipaswi kuona kitu. Ikizidi asilimia 20, mashine huweka alama ya XX. Usiogope haraka. Mara nyingi mtu ameinamisha kichwa kidogo, au mashine ilikosea kulipata doa pofu mwanzoni, ukasoma 7/14 wakati jicho halikuyumba. Tazama mstari wa vijiti chini kabisa ya karatasi: vijiti vya juu ni jicho kutangatanga, vya chini ni kupepesa au mashine kulipoteza jicho. Mstari ukiwa mtulivu, mimi huiamini karatasi.

"False POS Errors" ndiyo ninayoihofia. Hiyo ni kubonyeza bila kuona, na hufanywa zaidi na wale wanaotaka kufaulu kana kwamba ni mtihani. Ikifika asilimia 15, kipimo kirudiwe. Hata kabla ya kufika hapo, dalili zake zinajulikana: picha ya kijivu ina mabaka meupe kupita kiasi, nukta zinasoma 40 na zaidi, na GHT, kipengele kinacholinganisha nusu ya juu na ya chini ya uwanja, inaandika "Abnormally High Sensitivity". Kosa hili hufunika ugonjwa, na mwenye karatasi huondoka anafurahi. "False NEG Errors", yaani kutobonyeza mwanga uliopaswa kuonekana, inaweza kuwa uchovu, lakini jicho lililoharibika nalo huipandisha lenyewe, kwa hiyo siipi uzito mkubwa.

Sasa nikupe kisa cha jicho moja la kulia la mama mmoja niliyempima kwa miaka. Karatasi zake za mwanzo zilionyesha MD ya desibeli -3.8 na VFI ya 92%. MD ni wastani wa upungufu ukilinganishwa na watu wa umri wake. VFI ni asilimia ya uwanja uliobaki, na hupa uzito zaidi sehemu ya katikati. Kwenye ramani ya "Pattern Deviation" palikuwa na kundi la miraba myeusi, yaani nukta zilizo chini ya kawaida, juu kushoto, upande wa pua, likakatika ghafla kwenye mstari wa mlalo. Huko kukatika ndiko hukufanya ufikirie glaukoma: nyuzi za neva za juu na za chini hazivuki mstari huo zinapoelekea kwenye neva ya jicho, kwa hiyo uharibifu wa upande mmoja huishia hapo.

Miaka miwili baadaye picha ya kijivu ilikuja imefifia yote. MD ilikuwa -6.9. Alishaanza kuniuliza kama atapofuka. Nikamwonyesha ramani mbili za chini, moja baada ya nyingine. "Total Deviation", inayoonyesha upungufu wote wa kila nukta kwa umri wake, ilikuwa imejaa alama kila kona, lakini "Pattern Deviation", inayoondoa ufifiaji ulioenea jicho zima, ilikuwa na kundi lilelile mahali palepale. VFI ilikuwa 90%. Ukiona jozi ya namna hiyo, fikiria kwanza mtoto wa jicho, na kweli alikuwa naye. Alipofanyiwa upasuaji wa lenzi, MD ikarudi -3.9. Daktari akaagiza tuchukue vipimo viwili vipya viwe msingi wa kulinganishia, kwa sababu vya zamani vilipimwa jicho likiwa na ukungu.

Hadithi haikuishia hapo. Kwenye ripoti ya GPA, ambayo hulinganisha kila nukta na ule msingi, zikatokea pembetatu mbili tupu kando ya kundi la zamani. Pembetatu tupu maana yake nukta imeshuka kupita mabadiliko ya kawaida mara moja. Kipimo kilichofuata moja ikapotea. Hilo ni jambo la kawaida: nukta nzima hucheza kwa desibeli 2 au 3, lakini iliyoharibika inaweza kusoma 18 leo na 10 mwezi ujao bila ugonjwa kusogea. Ndiyo maana karatasi moja mbaya haitoshi kusema lolote.

Baadaye zikaja nukta tatu, zote zimegusana na doa la zamani. Pembetatu zake zikawa nusu nyeusi kipimo kilichofuata, nukta ziliposhuka tena, kisha nyeusi kabisa mara ya tatu, na mashine ikaandika "Likely Progression". MD ilikuwa -5.4 tu, nzuri kuliko ile -6.9 ya wakati wa mtoto wa jicho, na picha ya kijivu ilionekana safi kuliko ya siku ile aliyoogopa. Hata hivyo huu ndio ulikuwa ugonjwa wenyewe. Glaukoma mara nyingi husogea hivyo: doa la zamani linazidi kina na kutanuka pembeni mwake, likielekea kuchora upinde kutoka doa pofu hadi upande wa pua. VFI ilikuwa 85%, na mstari wa mwelekeo ukionyesha kushuka kwa takriban 2% kwa mwaka. Mstari huo hauchorwi mpaka kuwe na vipimo 5, na hata hapo angalia upana wa kiwango cha makosa kilichoandikwa pembeni mwa namba. Kwake kilikuwa chembamba, daktari akabadilisha matibabu.

Kwa anayeanza, kupimwa mara 3 kwa mwaka katika miaka miwili ya kwanza kunasaidia kumjua mapema anayeshuka kwa kasi. Na ukihama kliniki, chukua karatasi zako zote, hasa zile mbili za msingi. Uliza kama huko uendako wanatumia mashine ya aina ileile na kipimo kilekile cha 24-2, kwa sababu namba za mashine ya kampuni nyingine haziwezi kuunganishwa kwenye mstari mmoja na zako za zamani, na utalazimika kuanza msingi upya.