Barua ya kukubali kazi, na yale yaliyokubaliwa kwa simu

Swali: Shikamoo. Nimepata ofa ya uhasibu Dar es Salaam. Barua inasema mshahara 1,200,000, kuanza Jumatatu 22 Septemba 2025, majaribio miezi mitatu, na kwamba ajira itategemea majibu ya wadhamini na vipimo vya afya. Kwa simu afisa utumishi alikubali posho ya usafiri 150,000 na nianze 13 Oktoba, ili nitumikie notisi ninakofanya kazi sasa. Barua haikubadilishwa. Wanataka jibu kufikia 10 Septemba. Je, niyaweke ya simu kwenye barua ya kukubali?

Jibu: Marahaba. Utayaweka, ila yatangulie kwa njia nyingine. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, kukubali ofa kunatakiwa kuwe kamili na bila masharti. Ukiandika "nimekubali" halafu ukapachika posho ambayo haimo kwenye ofa, kisheria hujakubali bado. Umewapa wao ofa mpya, na wana hiari ya kuikataa. Ukisaini barua ilivyo kwa kuitegemea simu, nako umejifunga. Afisa yule akihama, atakayekaa kwenye kiti chake atasoma faili tu.

Kwa hiyo leo hii mwandikie barua pepe fupi: "Kufuatia mazungumzo yetu ya simu, naomba mnithibitishie posho ya usafiri ya Sh. 150,000 kwa mwezi na tarehe ya kuanza kuwa 13 Oktoba 2025, ili niweze kuwajibu rasmi." Akileta barua iliyorekebishwa, vizuri zaidi. Akijibu tu "tunathibitisha", inatosha kuitaja kwenye barua yako.

Ulizia hapohapo kama hiyo 1,200,000 ni ghafi au ya mkononi, maana barua yako haisemi, na hapa ndipo nimeona watu wakinuna siku ya mshahara wa kwanza. Ikiwa ni ghafi, NSSF inachukua asilimia 10 yako, yaani 120,000. Kodi inapigwa kwenye 1,080,000 iliyobaki: 128,000 kwa milioni ya kwanza, na asilimia 30 ya zile 80,000 za juu, yaani 24,000. Jumla ya kodi ni 152,000. Unabaki na 928,000 mkononi, kabla ya makato mengine kama mkopo wa elimu ya juu ukiwa nao. Posho ya fedha taslimu nayo hutozwa kodi, basi usiihesabu yote.

Tarehe nayo ina jambo lake. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria ya ajira inataka notisi isiyopungua siku 28. Angalia kama mkataba wako wa sasa hautaki zaidi. Ukikabidhi notisi Ijumaa 12 Septemba, siku 28 zinaisha Ijumaa 10 Oktoba, na Jumatatu ya 13 unaanza. Ukichelewa hadi Jumatatu ya 15, hesabu haitoshi tena. Lakini usiache kazi wakati wadhamini hawajapigiwa na daktari hajajibu: sharti moja likikwama, utakuwa huna pa kwenda wala pa kurudi. Kwa hiyo ongeza kwenye barua pepe ileile kwamba masharti yasipokamilika kufikia tarehe 12, siku ya kuanza isogezwe kwa siku hizohizo. Hilo nalo likubaliwe kabla, lisiibuke ndani ya barua.

Wakishathibitisha, barua yenyewe ni fupi:

> YAH: KUKUBALI AJIRA, NAFASI YA MHASIBU
>
> Rejea barua yenu ya tarehe ____, kama ilivyorekebishwa kwa barua pepe yenu ya tarehe ____. Ninakubali ajira hiyo kwa masharti yaliyomo, ambayo ni:
>
> Mshahara ghafi wa Sh. 1,200,000 kwa mwezi, pamoja na posho ya usafiri ya Sh. 150,000 kwa mwezi.
>
> Kuanza kazi Jumatatu, 13 Oktoba 2025. Masharti yasipokamilika kufikia 12 Septemba, tarehe hiyo itasogezwa kwa idadi ya siku zilizochelewa.
>
> Kipindi cha majaribio cha miezi mitatu.
>
> Ajira itategemea majibu ya wadhamini na vipimo vya afya. Majina ya wadhamini nimeyawasilisha tarehe ____, na vipimo nimefanya tarehe ____.

Malizia kwa jina, saini na tarehe. Shukrani ziwe sentensi moja. Usiandike "na mengine tuliyozungumza". Maneno hayo hayadai chochote, na yanampa msomaji wa faili sababu ya kuuliza ni yapi.

Ukipeleka kwa mkono, nenda na nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kwa barua pepe, omba wakujibu kwamba wameipata kabla ofisi haijafungwa tarehe 10.