Gia ya Kushukia Nandi Hills Ichague Ukiwa Bado Juu

Barabara inayotoka Nandi Hills kuteremka hadi Chemelil inaanzia kwenye majani chai na kuishia kwenye miwa. Kati ya huko juu na kule chini unashuka zaidi ya mita 600, kona baada ya kona, na mahali pa kupumzisha gari ni pachache. Mimi huipita na pikapu ya dizeli yenye kabeji na viazi vya soko la Kibuye, Kisumu. Mara nyingi nikiteremka napitwa na gari ambalo taa zake za breki hazizimi. Kona moja, mbili, tatu, taa bado zinawaka. Nikiona hivyo roho huniuma, kwa sababu najua kinachoendelea kwenye magurudumu yale na dereva bado hajakisikia.

Pikapu yangu ikiwa na mzigo inakaribia tani tatu. Uzito huo ukishushwa mita 600 unaachilia nguvu ya kutosha kuchemsha lita 50 za maji ya baridi. Nguvu hiyo ni lazima iende mahali. Matairi na upepo huchukua sehemu yake, lakini kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa sehemu hiyo ni ndogo. Inayobaki inagawanywa kati ya injini na breki, na anayegawanya ni wewe, kwa gia uliyochagua. Injini iliundwa kuishi na joto, ndiyo maana ina maji, rejeta na feni. Breki za pikapu kama yangu ni diski mbili mbele na dramu mbili nyuma, na cha kuzipoza ni hewa inayopita tu.

Injini inazuiaje gari? Ukitoa mguu kwenye mafuta huku gari likiwa kwenye gia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kwenye injini ya petroli, njia ya hewa imefungwa karibu yote, kwa hiyo pistoni zinavuta hewa isiyokuja, na kazi hiyo inalipwa na mwendo wa gari. Ya dizeli kwa kawaida haifungi hewa namna hiyo, kwa hiyo huzuia kidogo kuliko ya petroli ya ukubwa uleule. Ndiyo maana malori na Canter nyingi zimewekewa breki ya ekzosi, ile inayoziba njia ya moshi ili pistoni zipate upinzani. Kwa injini zote, kadiri inavyozunguka mara nyingi kwa kila mita ya barabara, ndivyo inavyozuia zaidi. Gia nzito, yaani zile za chini kama ya kwanza na ya pili, hufanya hivyo hasa.

Kwenye pikapu yangu, kilomita 40 kwa saa kwa gia ya tatu ni kama mizunguko 1,700 kwa dakika. Kwa gia ya pili, mwendo uleule ni karibu 2,900. Nikiwa na mzigo kwenye gia ya tatu, gari linaongeza mwendo lenyewe na mguu wangu unaishia kwenye breki muda wote. Kwenye ya pili injini inalia, lakini mwendo unabaki pale nilipouweka na breki naigusa kwenye kona kali tu. Mlio ule huwatisha abiria. Shangazi yangu aliwahi kuniambia, "Baba, unaiua injini." Haifi. Kinachoiumiza ni kupita mstari mwekundu kwenye kioo cha mizunguko, na 2,900 kwa dizeli hii iko mbali na mstari huo. Mshale ukianza kuukaribia, breki ndiyo ya kuurudisha. Ukikanyaga klachi umeikata injini kutoka kwenye kazi yake.

Madereva wa zamani walifundisha kwamba mlima unaushuka kwa gia ambayo ungeupandia. Kanuni hiyo bado ni nzuri kwa kuanzia, ila magari ya siku hizi yana injini zenye nguvu na yanaweza kupanda kwa gia ya tatu mahali ambapo kushuka kunataka ya pili. Kipimo changu ni hiki: nikitoa miguu yote kwenye sehemu iliyonyooka, mwendo ukiendelea kupanda, gia si nzito vya kutosha. Jibu hilo ulipate mapema, kabla barabara haijainama sana. Kwa gari dogo unaweza kurekebisha ukiwa njiani: breki kwanza, mwendo ushuke, kisha teremsha gia moja. Kwa lori lenye mzigo usitegemee hilo. Ukitoa gia katikati ya mteremko na lori likashika kasi, gia nzito inaweza kukataa kuingia kabisa, na hapo umebaki na breki peke yake.

Nilikutana na gari la aina ya Fielder limesimama ukingoni, karibu na mwisho wa kona. Watoto walikuwa wameshushwa, na magurudumu ya mbele yalitoa moshi mwembamba wa buluu. Mama aliyekuwa akiendesha aliniambia, "Kaka, breki imekuwa laini, nilikanyaga ikaenda karibu chini." Kijana mmoja alikuwa tayari ameshika jerikeni ya maji. Nikamwomba aiweke chini. Diski yenye moto mkali ukiimwagia maji ya baridi inaweza kupinda au kupasuka.

Maneno ya yule mama yalitosha kueleza kilichotokea. Pedali inayozama inaonyesha kwamba joto limefika kwenye mafuta ya breki. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke unabonyea, kwa hiyo mguu unabana mvuke badala ya kusukuma pedi. Kuna namna nyingine ambayo pedali inabaki ngumu, unakanyaga kwa nguvu zako zote, na gari halipungui mwendo inavyotakiwa. Hapo pedi zenyewe ndizo zilizopata moto kupita kiasi na kupoteza mshiko. Harufu kali ya kuungua mara nyingi hutangulia yote mawili, na ukiisikia bado una nafasi ya kusimama kwa utulivu.

Tulitia mawe nyuma na mbele ya magurudumu tukasubiri. Baada ya dakika chache mama alikanyaga tena akashtuka: pedali ilikuwa mbaya kuliko aliposimama. Hilo ni la kawaida. Gari likisimama, hewa haipiti tena, na joto lililomo kwenye diski linatambaa hadi kwenye kaliba inayozibana pedi na mafuta yaliyomo ndani. Ndiyo maana mapumziko ya dakika tano hayatoshi na yanaweza kudanganya. Tulikaa karibu saa nzima, mpaka nikaweza kuweka kiganja karibu na rimu bila kuhisi joto likinipiga, na pedali ikawa imerudi juu na kukaa ngumu ilipokanyagwa mfululizo.

Kisha nikamwuliza alikuwa kwenye gia gani. "Ni otomatiki, iko D." Ukiiacha D, otomatiki nyingi huchagua gia nyepesi kwa sababu mguu hauko kwenye mafuta, na hicho ndicho usichokitaka mlimani. Kwenye mkono wake wa gia kulikuwa na S na B chini ya D, na hakuna aliyewahi kumweleza ni za nini. B ndiyo ya miteremko kama hii. Gari lako linaweza kuwa na L, au 2, au kitufe cha O/D kando ya mkono wa gia. Ukikibonyeza na taa ya O/D OFF ikawaka, umeondoa gia nyepesi kuliko zote, ingawa kwa Nandi Hills hiyo peke yake mara nyingi haitoshi na itabidi uende kwenye 2. Punguza mwendo kwanza, ndipo uvute. Mama aliteremka mbele yangu akiwa kwenye B, na taa zake za breki ziliwaka kwenye kona tu.

Breki inapohitajika, itumie hivi. Amua mwendo wako wa juu, tuseme 40. Ukiufikia, kanyaga kwa uthabiti mpaka 30 na kitu, kisha achilia kabisa, injini ishike. Kinachoharibu ni mguu unaoegeshwa kidogo kidogo kwa kilomita nzima, maana pedi hazipati hata sekunde moja ya kuachana na diski. Hata hivyo, namna ya kukanyaga haiwezi kufidia gia mbaya. Uzito na mteremko ni vilevile. Ukiwa kwenye gia nyepesi, sehemu kubwa ya joto bado inaishia kwenye breki, uwe unakanyaga kwa mapigo au moja kwa moja.

Kuhusu nyutro, nitasema wazi kwa sababu bado kuna wanaoamini inaokoa mafuta, hasa huko Sachangwan kushukia Salgaa. Gari lenye mfumo wa sindano za kielektroniki, likiwa kwenye gia na mguu hauko kwenye mafuta, hukata mafuta kabisa mpaka mizunguko ishuke karibu na ya kusimama. Kwenye nyutro injini inalazimika kujilisha ili isizime. Kwa hiyo nyutro ndiyo inayokula zaidi. Na anayezima injini kabisa anapoteza pia msaada wa breki: baada ya kukanyaga mara chache pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na usukani unakuwa mzito. Chini ya mteremko ule kuna soko, kama ilivyo Mamboleo ukishuka kutoka Riat. Watu wanavuka na mizigo mahali hasa ambapo breki zimefika zikiwa moto kuliko kote.

Jambo la mwisho ni mafuta ya breki, kwa sababu ndiyo yaliyomwangusha yule mama wakati pedi zake zilikuwa nene bado. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa polepole. Ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155. Kuongeza ya juu kwenye kopo lililo chini ya boneti hakubadilishi yaliyozeeka karibu na magurudumu, huko huko kwenye joto. Mwambie fundi atoe yote na kupitisha mapya gurudumu kwa gurudumu, kila miaka miwili, na usome kifuniko cha kopo kujua gari lako linataka aina gani. Yule mama alipomwuliza fundi wake, ilibainika kwamba hayajawahi kubadilishwa tangu gari lishuke bandarini.