Maswali yenu: mama wa nyanya, chai nyeusi na kiungulia kisichoisha

Dokta nina vidonda vya tumbo naomba unitajie dawa nzuri.

Nani kakupima? Meseji hii naipata kila wiki, na nikiuliza umepimwa nini naambiwa "tumbo linawaka". Kuwaka sio kipimo jamani. Kile kinachopanda kifuani mpaka kooni na kuacha uchachu mdomoni ni kiungulia, yani asidi ya tumbo imerudi juu kwenye koo la chakula. Kidonda ni jeraha ndani ya tumbo lenyewe au mwanzoni mwa utumbo, na maumivu yake mara nyingi yanakaa pale chembe ya moyo. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, ndo maana vipimo vipo. Nenda kaombe kipimo cha choo cha bakteria wa pailori, na kama unameza omeprazo acha wiki mbili kabla, la sivyo jibu linaweza kuja huna wakati unaye. Kile cha damu usikitegemee sana, kinaweza kuonyesha hata mdudu uliyeshamtibu zamani. Na mimi ni mfamasia sio dokta, nimesema mara ngapi.

Habari dada, mi nauza nyanya na vitunguu Buguruni. Kiungulia kila siku ya Mungu, usiku nashtuka na maji makali mdomoni. Nimemeza omeprazo boksi tatu hamna kitu. Pilipili sili, limao sili. Shida nini?

Huyu nilimpigia simu, maana mtu akianza kujitetea na pilipili najua kuna kitu hajakisema. Nikamwambia mama, achana na dawa kwanza, nisimulie siku yako ya jana toka ulipoamka.

Akaamka saa tisa usiku, bodaboda mpaka Ilala kugombea nyanya zikishushwa. Saa kumi na moja kapata tenga zake mbili, kwa mama chai pale pembeni akapiga kikombe cha chai ya rangi, ile iliyokaa jikoni majani yanachemka toka usiku mpaka imekuwa nyeusi, sukari vijiko vitatu. Ukala nini? "Sijala, nilikuwa sijauza bado." Saa moja yuko mezani kwake Buguruni, yule binti wa chupa akapita, kikombe cha pili. Saa tatu cha tatu. Saa nne moto ukaanza kifuani, akatafuna magnesiamu mbili, ukatulia, akaongeza kikombe. Mchana je? Akacheka. Mchana ndo wateja wa mama ntilie wanakuja kununua jumla, meza anamwachia nani? Cha tano hicho. Saa moja jioni kafunga, foleni, kafika nyumbani kapika, watoto wakala kwanza, yeye sahani yake ya kwanza ya siku kaipata saa nne usiku, ugali wa kushiba na dagaa wa kukaanga, akanawa akapanda kitandani. Saa saba usiku kashtuka koo linawaka anakohoa.

Mama huyu haumwi na pilipili, anaumwa na ratiba yake.

Asubuhi tumbo liko tupu, chai nzito inaingia inaliamsha litoe asidi na hamna chakula cha kuipokea hiyo asidi, na kwa watu wengine kafeini inalegeza ule msuli unaofunga mlango kati ya koo na tumbo. Usiku ni kesi nyingine kabisa, na kwake ndo kubwa zaidi. Chakula cha siku nzima kimeingia kwa mpigo mmoja tena chenye mafuta, ambayo yanachelewa kutoka tumboni, alafu analala hapohapo. Ndoo imejaa mpaka mdomoni unailaza, unategemea nini?

Kuna jingine sikulitegemea. Nikamuuliza hela anaweka wapi. Mkoba wa zipu, kaufunga kiunoni chini ya khanga, na juu kajifunga khanga nyingine kibwebwe ili usicheze. Toka alfajiri mpaka jioni tumbo limebanwa hivyo, na kila mteja akija anainama kwenye tenga kuchagua nyanya. Kila akiinama asidi inasukumwa juu. Nikamwambia mkoba uvuke begani upite chini ya kwapa, na achuchumae badala ya kuinama.

Sasa omeprazo zake. Alikuwa anameza saa nne usiku baada ya kula akienda kulala, na siku nyingine asubuhi alafu hali kitu mpaka usiku. Dawa ile inafunga pampu za asidi zikiwa kazini, na pampu zinaamshwa na chakula. Ukimeza usile unaipunguzia nguvu, unabaki unalalamika ni feki. Kidonge cha miligramu 20 kinamezwa nusu saa mpaka lisaa limoja kabla ya kula, na haitulizi siku hiyohiyo, mpe siku tatu nne. Tukakubaliana anameza saa kumi alfajiri, saa kumi na moja anakula kwanza ndo chai. Anakula nini? Andazi hapana, mafuta yale yale. Kiazi kitamu cha kuchemsha au ndizi mbivu mbili anatoka nazo nyumbani kwenye mfuko, haina gharama ya maana.

Chai sikumkataza, na msinitumie meseji kwamba chai ni sumu. Mtu wa vikombe vitano ukimkatia ghafla kichwa kitamuuma siku kadhaa na atarudi palepale. Nilimwambia ashuke mpaka viwili taratibu, vyote baada ya kula, na amwambie binti amchanganyie nusu maji ya moto. Mchana anunue sahani moja ya wali maharage, nusu saa tano nusu saa nane, jirani wa vitunguu amshikie meza na yeye amshikie mwenzie. Usiku ale kidogo tu na akae masaa matatu kabla ya kulala, hapo tuligombana, maana mtu wa kuamka saa tisa masaa matatu anayatoa wapi. Kwaiyo chakula kikubwa kikahamia mchana, jioni anakula kidogo hapohapo sokoni kabla ya kufunga, nyumbani anawapikia watoto tu. Na kitanda matofali mawili chini ya miguu ya upande wa kichwani, kiinuke sentimita 15 hadi 20. Mito ukirundika haisaidii, inakukunja tumbo tu.

Tukiwa tunakata simu ndo akasema, "na zile za mgongo niendelee?" Za mgongo zipi? Kumbe anameza diklofenaki kila jioni kwa ajili ya kubeba tenga, tumbo likiwa tupu, na kwenye swali lake hakuigusa kabisa. Hiyo sasa ndo inayotengeneza vidonda vya kweli, na vinaweza kutoa damu bila hata kuuma. Nilimuuliza choo kina rangi gani, cha kawaida. Nikamsimamisha, atumie parasetamo na aende kituo cha afya wamwangalie huo mgongo na tumbo lake kwa pamoja.

Kaniandikia majuzi. Usiku analala, kukohoa kumekata. Mchana bado kinamshika siku za mzigo mwingi akiruka ile sahani, na kikombe cha tatu anakiri hajaweza kukiacha.

Mbona Ramadhani nafunga siku nzima sipati kiungulia ila siku za kawaida nikichelewa kula tu tumbo linawaka?

Swali zuri, la kwanza leo. Ramadhani hunywi chai juu ya tumbo tupu toka asubuhi, na sigara kama unavuta hamna. Futari inaingia magharibi, unaanza na tende na uji, sio sahani ya saa nne usiku. Ila usijisifu, wapo wengi kinachowatesa mwezi huo, na ukiwauliza wanafuturu viazi vya kukaanga na sambusa mpaka wanashindwa kupumua, alafu daku wanakula wanarudi kulala saa hiyohiyo. Kama una vidonda vilivyothibitishwa hospitali, ongea na daktari wako kabla mwezi haujaingia, usisubiri mpaka siku ya pili ya Ramadhani.

Maziwa fresh yanasaidia?

Kwa dakika chache yanapoza, baadae yenyewe yanaamsha asidi, hasa yale ya mafuta mengi. Sio dawa.

Mke wangu ana mimba ya miezi saba kiungulia hakimuachi, mama mkwe anasema mtoto ana nywele nyingi, ni kweli?

Awe na nywele awe na kipara, ni homoni zimelegeza msuli na mtoto kabana tumbo. Mpe chakula kidogo mara nyingi, na dawa aulize kliniki, asigawane za kwako.

Mi nalamba bekingi soda kwenye maji kila nikibanwa, miaka sasa, ni rahisi kuliko dawa. Kuna madhara?

Yapo. Ile ni chumvi ya sodiamu, kama una presha au figo zina shida unajiongezea mzigo kila siku, na gesi yake inakufanya ubeuwe asidi irudi juu tena. Siku moja moja sio kesi, ila miaka ni ishara kwamba hujawahi kutibiwa. Na nyie mnaomeza omeprazo mwaka wa tatu bila mtu kuwauliza kwanini, mpo kundi hilohilo. Ikizidi wiki nne bila nafuu, au ukiacha inarudi kila mara, unahitaji kuonwa, sio boksi jipya.

Mzee wangu anapenda chai ya moto ya kuunguza, anasema ya vuguvugu sio chai. Siku hizi ugali unamkwama anashushia na maji. Ni kiungulia kimezidi?

Mpeleke hospitali wiki hii, usimpe dawa yoyote ya kiungulia ukangoja kuona. Chakula kukwama kifuani kwa mtu mzima ni dalili ya kuangaliwa na kamera kwenye koo la chakula. Ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki saratani ya koo la chakula ni nyingi, na mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliweka vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, kwenye orodha ya vitu vyenye uwezekano mkubwa wa kuisababisha. Sisemi anayo. Muulize pia kama kapungua uzito, na kama katapika damu au choo kimekuwa cheusi mnatoka usiku huohuo. Chai yake mmiminie kikombe kipana kisicho na kifuniko na asubiri dakika tano.

Kiungulia changu kinakuja nikipandisha mzigo ghorofani tu, nikikaa kinaisha. Jasho linanitoka. Nimeze nini?

Usimeze kitu. Hicho kinaweza kuwa moyo, nenda leo kapime moyo, na kama kinashuka mkononi au tayani usiende peke yako.