Kuiweka familia kwenye picha ya nyumba ambayo haijajengwa

"Nimeibandika familia yangu kwenye picha ya 3D ya nyumba tutakayojenga, lakini wanaonekana wanaelea. Nimekosea wapi?"

Ndugu, mchangiaji aliyetangulia amesema kweli kwamba mlango ni rula nzuri, kwani mlango wa mita 2.1 ukiwa na pikseli 420, baba wa mita 1.75 atakuwa na pikseli 350. Ila kipimo hicho ni cha mtu aliyesimama mlangoni, na familia yako iko mbele zaidi, uwanjani. Hapo fuata mstari wa upeo, yaani pale ardhi na anga vinapoonekana kukutana: kamera ya mchoro ikiwa mita 1.6 kutoka ardhini na uwanja ukiwa tambarare, utosi wa mama mwenye urefu huo utaugusa mstari huo popote atakaposimama.

Kuhusu mwanga, vivuli vya nguzo za baraza vinaelekea kulia, ilhali kivuli cha pua ya mtoto kiko kushoto. Igeuze picha ya familia kama kwenye kioo, ukichunga maandishi ya fulana yasisomeke kinyume. Kisha chora kivuli chembamba, kizito kuliko vingine, pale soli inapogusa ardhi, kwa kuwa hicho ndicho kinachomkanyagisha mtu chini.